Kabla hujaikabidhi ripoti ya miche: mkengeuko sanifu si kosa sanifu

Mwanafunzi wangu mpendwa,

Nimeisoma rasimu ya ripoti yako ya miche ya maharage, na ninakuandikia mapema ili uirekebishe kabla ya kuikabidhi. Umeandika kwamba wastani wa urefu ni sentimita 22, ukaongeza 0.67 juu na chini, kisha ukahitimisha kwamba miche mingi ina urefu wa kati ya sentimita 21.3 na 22.7. Hesabu zako ni sahihi, lakini hitimisho hilo halitokani nazo.

Kabla ya jambo lolote, rudi kwenye vipimo vyenyewe: 19, 20, 20, 22, 22, 23, 23, 24 na 25. Hesabu miche iliyomo ndani ya mipaka uliyoitaja, nawe utaona ni miwili tu kati ya tisa. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kugundua kwamba namba uliyoitumia ilikuwa inajibu swali jingine.

Sasa tuhesabu pamoja. Chukua tofauti ya kila mche na 22, izidishe kwa yenyewe, kisha ujumlishe zote, utapata 32. Gawanya kwa 8, yaani idadi ya miche ukitoa mmoja, kwa sababu wastani ulioutumia umetoka katika miche hiyohiyo, na kugawanya kwa 9 kungeufanya mtawanyiko uonekane mdogo kuliko ulivyo. Jibu ni 4, na kipeuo chake cha pili ni 2. Hizo sentimita 2 ndizo mkengeuko sanifu, nazo zinaeleza jinsi miche inavyotofautiana. Kati ya sentimita 20 na 24 imo miche saba, na hapo neno "mingi" lina haki ya kuandikwa.

Kosa sanifu halizungumzii mche mmoja mmoja, bali linazungumzia ule wastani. Fikiria kwamba kila mwenzako darasani angeotesha miche yake tisa kwa mbegu zilezile na katika hali ileile, akapata wastani wake: mmoja angepata 21.5, mwingine 22.4, mwingine 22.1. Wastani hizo nazo zingetawanyika, na kadirio la mtawanyiko wake ndilo tunaloliita kosa sanifu. Hulipati kwa kurudia jaribio mara nyingi, bali kwa kugawanya mkengeuko sanifu kwa kipeuo cha pili cha idadi ya miche: 2 kwa 3, yaani 0.67. (Neno "kosa" hapa halina maana kwamba umekosea, ninalitaja kwa sababu najua liliwahi kukutia hofu.) Ungeotesha miche 36 badala ya 9, kosa sanifu lingeshuka hadi nusu, takribani 0.33, ilhali mkengeuko sanifu ungebaki karibu na 2, kwa kuwa kuongeza miche hakuifanyi ifanane zaidi.

Ukifanya kazi hii kwenye Excel, kumbuka kwamba fomula ya kwanza hapa chini inatoa mkengeuko sanifu na ya pili kosa sanifu:

```
=STDEV.S(A2:A10)
=STDEV.S(A2:A10)/SQRT(COUNT(A2:A10))
```

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi liko kwenye jedwali lako la pili, ambamo kila mche umepimwa mara tatu na vipimo vyote 27 vimepangwa katika safu moja. Kompyuta itahesabu 27 na kukupa kosa sanifu la takribani 0.38, nawe utadhani umeujua wastani kwa uhakika mkubwa zaidi, ilhali miche bado ni tisa. Kupima tena mche uleule kunakueleza uthabiti wa rula na mkono wako, hakukuletei mche mpya. Kwa hiyo tafuta kwanza wastani wa vipimo vitatu vya kila mche, ubaki na namba tisa, ndipo uanze hesabu. Zingatia pia kwamba iwapo uliteua miche ya upande wenye jua peke yake, kosa sanifu halitakuonyesha upendeleo huo, hata likiwa dogo kiasi gani.

Mwisho, angalia mchoro wako. Vijiti vilivyo juu ya nguzo havina maelezo, na msomaji hawezi kubaini kama ni mkengeuko au kosa. Andika chini ya mchoro ni kipi, pamoja na idadi ya miche. Kwa swali la ripoti yako, ambalo ni jinsi miche ya kitalu kimoja inavyotofautiana, weka mkengeuko sanifu. Kosa sanifu lihifadhi kwa sehemu ya pili, unapolinganisha wastani wa kitalu chenye mbolea na kisicho nayo.

Niletee jedwali lililorekebishwa Alhamisi, kabla hujachora upya.

Mwalimu wako wa mafunzo ya vitendo