Somo: Asubuhi ya kwanza darasani baada ya mwanafunzi kujiua

Somo hili ni la mwalimu wa darasa, yule ambaye kesho ataita mahudhurio na kufika kwenye jina ambalo halitaitikiwa. Nimefanya kazi ya ushauri nasaha shuleni kwa miaka kadhaa, na siku niliyoiona ikiharibika mara nyingi zaidi ni ya kwanza. Nitakaa sana hapo.

Hatua ya 1: Kabla ya kengele

Mkuu wa shule athibitishe habari kwa familia yenyewe, si kwa minong'ono ya makundi ya simu. Awaulize pia kama wanaridhia shule iseme kwamba mtoto alijiua. Wakikataa, kifo kitangazwe bila sababu. Msitunge homa wala ajali, kwa maana watoto wataujua ukweli kabla ya saa nne, na baada ya hapo hakuna atakayewaletea siri yake. Mwalimu anaweza kusema hivi: "Familia imeomba sababu ya kifo isizungumzwe, nasi tutaiheshimu. Lakini nasikia maneno mnayosema, na kama mna maswali kuhusu kujiua kwa jumla, tuzungumze."

Walimu wakutane kabla ya kipindi cha kwanza, kila mmoja apewe taarifa ileile iliyoandikwa, na isomwe madarasani kwa wakati mmoja. Msiitangaze mstarini. Katika umati wa mamia huwezi kumwona aliyebadilika uso. Mwalimu anayehisi sauti itamkatika aseme mapema, mwenzake aingie naye.

Na jambo dogo: shika kalamu, weka alama kwenye daftari la mahudhurio mapema. Nimewahi kumsikia mwalimu akiita jina la marehemu kwa mazoea tu. Darasa zima lilipiga kelele, naye akatoka mbio.

Hatua ya 2: Maneno yenyewe

Taarifa tuliyoisoma, familia ikiwa imeridhia, ilikuwa hivi:

"Nina habari nzito. Mwenzetu amefariki jana. Alijiua. Hatujui yote yaliyokuwa moyoni mwake, na mara nyingi mambo kadhaa hukutana, si jambo moja. Wengine mtalia, wengine mtakasirika, wengine hamtahisi chochote kwa sasa. Yote hayo hutokea. Kama wewe mwenyewe umewahi kufikiria kufa, au una wasiwasi na mwenzako, niambie mimi au mwalimu mshauri leo hii. Kwa mawazo hayo, msaada upo. Kipindi hiki hatusomi."

Angalieni yaliyoachwa: njia aliyotumia, mahali, na kama kulikuwa na barua. Mtoto ambaye tayari anaumia akisikia hayo anakuwa kama aliyechorewa ramani, na miongoni mwa vijana kuigana katika jambo hili kupo kweli. Pia hatukusema "amefeli mtihani ndiyo maana", kwa sababu wengine waliofeli wamekaa papo hapo wanasikiliza. "Sasa amepumzika" nayo hatukuisema. Hiyo inakifanya kifo kionekane kama nafuu. Wala tusihubiri kwamba alikuwa mwoga au mwenye dhambi. Mtoto mwenye mawazo hayo atajifunza jambo moja tu, kujificha.

Mwanafunzi akiuliza alifanyaje, jibu: "Hilo sitalieleza. Niambie wewe unaendeleaje."

Hatua ya 3: Orodha ya majina

Mchana wa siku ileile, walimu wa darasa hilo wakae na orodha ya wanafunzi, wapite jina kwa jina. Wengi hukumbuka marafiki tu. Mimi huuliza mambo matatu: nani alikuwa karibu na marehemu kimwili, kwa maana ya aliyemkuta au aliyeketi pembeni yake; nani alikuwa karibu naye kimaisha, pamoja na ndugu walio madarasa mengine na yeyote aliyegombana naye; na nani anafanana naye kwa mzigo anaoubeba, hata kama hawakuwahi kusalimiana.

Kundi la tatu ndilo linaloponyoka. Katika darasa moja la watoto 42 tuliandika haraka jina la jirani wa dawati na la mvulana aliyemtukana marehemu siku ya Ijumaa. Mvulana huyo alikuwa akisema "nimemuua mimi", na tuliongea naye kwanza. Tulipofika katikati ya orodha, mwalimu wa hisabati akasema: "Huyu binti amempa mwenzake mkebe wake wa vifaa vya jometri. Amesema hauhitaji tena." Hakuwa rafiki wa marehemu. Hakulia. Ila kaka yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na miezi ya karibuni alikuwa ameacha kucheza.

Nilimwita mahali tulivu, nikamuuliza wazi: "Baada ya msiba kama huu, watu wengine huwaza kufa. Wewe umekuwa ukiwaza kujiua?" Akaitikia kwa kichwa. Nikauliza kama amepanga namna na siku. Alikuwa amepanga. Kuanzia hapo hakuachwa peke yake hata dakika moja, hata chooni alisindikizwa. Mama yake aliitwa, akaelezwa akiwa amekaa, akaombwa kufungia mbali chochote ambacho binti angeweza kujidhuru nacho. Walikwenda hospitali siku hiyohiyo pamoja na mwalimu mmoja. Kabla hajarudi darasani tulikubaliana naye ni mwalimu yupi atamwendea akizidiwa, na kwamba anaweza kutoka darasani bila kujieleza.

Maswali ya walimu walioniandikia

*Mwalimu, kumuuliza mtoto waziwazi si kumtia wazo?*

Hapana. Aliye na wazo hilo hupata pa kulitua, asiye nalo atakwambia hana. Kinachodhuru ni kuuliza kwa kukwepa: "Huwazi mambo ya kipumbavu, sivyo?" Hapo umeshamjibia.

*Akiniomba nisimwambie mtu?*

Usiahidi. Mwambie: "Hili siwezi kulibeba peke yangu, ila tutaamua pamoja tumwambie nani kwanza." Ukihisi nyumbani ndiko kunakotoka mateso, tafuta mtu mzima mwingine aliye salama na uwahusishe wa ustawi wa jamii.

*Dawati lake tulifanyeje? Watoto wameanza kuweka maua na barua.*

Liacheni siku chache, kisha waambieni siku ambayo darasa litapangwa upya, wawepo. Lisitoweke usiku. Barua zisomwe na mtu mzima kabla hazijafika kwa familia. Humo ndimo utakuta "nakufuata". Kuhusu kumbukumbu, fanyeni yaleyale mngemfanyia aliyefariki kwa ugonjwa, yasizidi wala yasipungue. Bweni lisipewe jina lake, fulana za picha yake zisivaliwe shuleni.

*Nilimkaripia siku yake ya mwisho. Siwezi kuingia darasani.*

Ndugu yangu, usiingie leo. Omba mwenzako ashike vipindi, nawe ukae na mtu unayemwamini uyaseme hayo uliyoandika hapa. Karipio moja halielezi kifo cha mtu. Usingizi ukikataa kwa wiki kadhaa, au mawazo ya kufa yakianza kukujia wewe, nenda hospitali kama ambavyo ungempeleka mwanafunzi. Na jina lako nalo liwe kwenye orodha ya hatua ya 3. Mkuu wako asipoliandika, mwambie aliandike.

*Tuwaangalie hadi lini?*

Si wiki mbili. Andika kwenye kalenda ya walimu siku ya kuzaliwa ya marehemu, siku ya matokeo ambayo jina lake halitakuwemo, na siku ya kutimia mwaka. Wiki moja kabla ya kila tarehe, toeni ile orodha muipitie tena jina kwa jina.