Somo: Kushambulia kichochoro kati ya pembeni na katikati

Simama nyuma ya goli utazame mistari. Kutoka ubavu wa kisanduku kidogo hadi ubavu wa kumi na nane ni mita 11. Irefushe mistari hiyo miwili kuelekea goli la pili, utapata njia nyembamba kati ya pembeni na katikati. Ziko mbili, ya kulia na ya kushoto, na hapa tutaziita vichochoro. Uwanja wa upana wa mita 68 hubakisha karibu mita 14 pembeni kila upande, na mita 18 na kidogo katikati.

Winga aliye kwenye chaki amezibwa upande mmoja na mstari. Aliye katikati ana watu pande zote, na mara nyingi hupokea goli likiwa mgongoni. Aliye kichochoroni akigeuza mwili kimshazari huona goli, straika na winga wake kwa pamoja. Zaidi ya hayo, amesimama mahali ambapo kazi ya beki wa pembeni yaishia na ya beki wa kati yaanzia, na hapo ndipo mabeki huachiana mtu. Kevin De Bruyne alipokuwa Manchester City alitoa krosi nyingi za hatari kutoka kichochoro cha kulia. Krosi ya pale ina safari fupi, na hupita kati ya kipa na mabeki wanaokimbia wakitazama goli lao wenyewe.

Tuchukue shambulizi moja tu, la kulia.

Hatua ya 1. Chora kichochoro kwa chokaa, koni au kamba ya nazi, kutoka mstari wa goli hadi nusu ya uwanja. Weka washambuliaji wanne: kiungo mkabaji mwenye mpira, namba 8, winga na straika. Wapinzani ni beki wa kushoto, mabeki wawili wa kati na kipa.

Hatua ya 2. Winga akanyage chaki kabisa. Akiingia ndani mita tano tu, beki wa kushoto ataweza kumlinda yeye na kichochoro kwa pamoja, na zoezi limekufa.

Hatua ya 3. Mpira uende kwa winga. Beki wa kushoto akitoka kumfuata, pengo linafunguka mgongoni mwake. Namba 8 aanze mbio wakati winga anaugusa mpira kuutuliza na kuinua kichwa.

Hatua ya 4. Namba 8 asome nani anamfuata. Beki wa kati akitoka, straika ameachwa na beki mmoja. Beki wa kushoto akirudi naye, winga yuko huru kuingia na mpira. Asipofuatwa na mtu, apenyezewe mpira, afike karibu na mstari wa goli, kisha aurudishe chini kuelekea alama ya penalti. Pasi hiyo ya kurudi ina faida kubwa: mpokeaji aliye nyuma ya mpira hawezi kuwa ameotea.

Fanyeni mara sita bila kunyang'anyana, kisha mabeki wacheze kweli. Hesabu ni mara ngapi namba 8 alipokea akitazama goli. Mimi naijali hesabu hiyo kuliko mabao ya mazoezini.

Maswali ya wanachama

Kutoka Likoni: Kocha, uwanja wetu ni mita 50 kwa upana. Twapimaje?

Gawa upana kwa tano, kila njia iwe mita 10. Ukifuata kisanduku kamili cha mita 40 na kidogo, pembeni hazifiki mita tano, na winga hana nafasi ya kumvuta beki. Na kama ni mchanga mkavu, pasi ya kupenyeza ipigwe kwa nguvu zaidi, la sivyo itafia njiani na beki ataiwahi.

Kutoka Changamwe: Namba 8 wangu afika mapema kila mara, mwishowe yuasimama.

Akisimama ashakuwa rahisi kukabwa, au ameotea. Mwambie aanzie nyuma ya bega la kiungo wa wapinzani, asikoonekana. Tazama pia fulbeki wako wa kulia: akipanda naye kichochoro hichohicho, wamejazana wawili na beki mmoja awatosha. Fulbeki abaki nyuma ya mpira pamoja na kiungo mkabaji, kwani mpira ukipotea pale mpinzani hukimbilia moja kwa moja upande huo.

Kutoka Kisauni: Na wakicheza mabeki watano?

Hapo ni kugumu. Beki wa kati wa upande huo aweza kutoka, na nyuma yake wabaki wawili wa kuziba. Vuteni wote kulia kwa pasi nne au tano, kisha hamisheni mpira haraka kwenda kichochoro cha kushoto, kabla mabeki wao hawajasogea. Winga wa kushoto awe bado kwenye chaki.