Kutibu chunjua la unyayoni kwa dawa ya asidi: shemeji yangu alivyopoteza wiki tano

Shemeji yangu anaendesha bodaboda kati ya Majengo na Kiboriloni. Siku moja aliingia dukani kwangu akichechemea, akavua ndala na kuuweka mguu wa kushoto juu ya stuli. "Shem, hiki kitu kinaniua kila nikikanyaga gia." Chini ya kidole gumba, pale unyayo unapobeba uzito, palikuwa na duara gumu lenye upana wa kifungo cha shati. Nilimpa dawa na maelezo ya dakika mbili, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu. Baada ya wiki tano alirudi na chunjua lile lile. Kosa lilikuwa la maelezo yangu, na haya hapa ndiyo niliyopaswa kumwambia tangu mwanzo.

Hatua ya 1: Hakikisha ni chunjua

Wengine huita sundosundo, wengine sunzua, na wengi huchanganya na sugu. Sugu ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa na kiatu. Chunjua linaletwa na virusi vya HPV vilivyoingia kwenye ngozi, mara nyingi kupitia mkwaruzo mdogo.

Osha mguu, kaa kwenye mwanga mzuri, utazame mistari ya ngozi, ile inayofanana na alama za vidole. Kwenye sugu mistari inapita juu yake kama kawaida. Kwenye chunjua inafika ukingoni na kukata njia, kama mto uliokutana na jiwe. Kisha libane kutoka pembeni kwa vidole viwili. Likiuma zaidi kwa kubanwa pembeni kuliko kwa kubonyezwa juu, kuna uwezekano mkubwa ni chunjua. Ukikwangua kidogo utaona vitone vidogo vyeusi vilivyotawanyika. Watu huvidhani mizizi, kumbe ni vimishipa vya damu iliyoganda.

Huku kwetu usimsahau tekenya. Naye ana kitone cheusi, lakini ni kimoja tu, katikati ya duara jeupe, anawasha, na hupenda kando ya kucha. Ukimpaka asidi utabaki na kidonda na tekenya wako humo humo.

Kama bado huna uhakika, usinunue dawa. Mfanye mtu mwingine atazame kwanza.

Hatua ya 2: Nunua chupa yenye nguvu inayofaa

Unatafuta dawa ya maji yenye asidi ya salisiliki asilimia 17 hivi, mara nyingi ikiwa kwenye kolodioni, ile inayokauka na kuacha utando kama rangi ya kucha. Zipo pia plasta za asilimia 40. Mimi sizipendi kwa mtu anayetembea sana, kwani zinahama na kuchoma ngozi ya jirani.

Wengi wanatoka dukani na marhamu ya Whitfield kwa sababu wamesikia "ina salisiliki". Ni kweli inayo, lakini ni asilimia 3, pamoja na asidi ya benzoiki asilimia 6. Ile ni dawa ya fangasi. Kwenye chunjua la unyayoni utapaka hadi Krismasi.

Kolodioni inashika moto haraka sana. Usiifungue karibu na jiko la mkaa, mshumaa au mtu anayevuta sigara, na ufunge kifuniko mara moja, maana ikipata hewa inakuwa nzito kama gundi.

Asidi ya betri, utomvu wa mnyaa na wembe viache. Nimeona kidole kilichotibiwa kwa asidi ya betri na sitaki kukielezea.

Hatua ya 3: Loweka

Maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10, jioni. Futa ukauke.

Hatua ya 4: Ondoa ngozi iliyokufa

Hapa ndipo wiki tano za shemeji zilipopotelea. Alikuwa anapaka kila usiku bila kukosa, tone juu ya tone. Nilipomtazama, chunjua lilikuwa limefunikwa na ganda jeupe, nene, lenye matabaka kama chapati ya kusukuma. "Si linakufa hilo, Shem? Mbona limekuwa jeupe?" Ngozi ya juu ilikuwa imekufa kweli, ila chunjua lenyewe lilikuwa salama chini yake.

Kinachotokea ni hivi. Asidi ya salisiliki haiui virusi. Inalegeza kile kinachogandisha chembe za ngozi ngumu, zinaachana na kuwa nyeupe na laini. Kazi yake inaishia hapo. Ngozi hiyo iliyolegea usipoiondoa wewe mwenyewe, inabaki pale pale, na tone la kesho linaishia juu yake bila kufika chini. Utando wa kolodioni nao unajilimbikiza. Shemeji alikuwa anatibu dawa ya jana kwa dawa ya leo.

Kwa hiyo kila jioni baada ya kuloweka, bandua kwanza utando wa jana kwa ukucha. Mara nyingi unatoka wote kwa mkupuo, ukiwa na ngozi nyeupe imeshikilia nyuma yake. Kisha, mara mbili au tatu kwa wiki, sugua ile nyeupe mpaka ifikie ngozi yenye rangi ya kawaida.

Kuhusu cha kusugulia, mimi ninatumia tupa ya kucha ya karatasi, ile ya bei ndogo, iliyokatwa vipande vitatu. Msasa laini wa fundi seremala nao unafaa. Jiwe la bafuni silitaki kabisa. Linanyonya maji, lina matundu, na nyumba nzima inalitumia. Unga mweupe unaotoka kwenye chunjua una virusi, na jiwe linaweza kuvipeleka kwenye kisigino cha mtoto. Hata kile kipande cha tupa usikitumie kwenye kucha zako wala kwenye ngozi nzima. Kikiisha wiki, kitupe. Osha mikono.

Usugue kiasi gani? Sugua taratibu, simama kila baada ya muda na ubonyeze kwa kidole. Mwanzoni hutasikia chochote. Ukianza kusikia kauchungu kidogo, acha. Usisubiri damu. Ukiona vitone vyekundu vinachungulia umeshapitiliza, na usiku huo hakuna dawa. Shemeji, baada ya kuelewa, alikwenda upande wa pili: akasugua kwa hasira usiku mmoja, akapaka juu ya ngozi mbichi, na kesho yake hakuendesha pikipiki. Mimi mwenyewe zamani nilifanya hivyo hivyo kwenye kisigino changu, nikiwa tayari ninauza dawa hizi, kwa hiyo sikumcheka sana.

Hatua ya 5: Linda pembeni, halafu paka

Paka vaselini kwenye ngozi nzima kuzunguka chunjua, kama unajenga ukuta. Usiiguse katikati, maana dawa haishiki kwenye mafuta. Brashi inayokuja na chupa huwa pana mno. Tumia ncha ya kijiti cha meno. Tone moja katikati, subiri likauke, la pili kama chunjua ni kubwa. Ngozi ya pembeni ikiwa nyeupe asubuhi, dawa imemwagika.

Hatua ya 6: Funika

Plasta ya kawaida, ulale nayo.

Hatua ya 7: Kupumzika, na kujua mwisho

Kuwasha kidogo ni kawaida. Pakiuma hata umekaa, pakawa pekundu au mbichi, pumzisha siku tatu nne hadi patulie, kisha endelea. Usaha au wekundu unaosambaa unahitaji daktari.

Ipe dawa muda wa wiki 12, na usitarajie makubwa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2011 uliwatazama watu wenye machunjua ya unyayoni. Baada ya wiki 12, waliopona kabisa kwa asidi walikuwa kama asilimia 14, na waliogandishwa kwa naitrojeni kimiminika walikuwa kiasi hicho hicho. Ndiyo maana mtoto mwenye chunjua lisilomuuma mimi humrudisha nyumbani bila dawa. Kwa watoto mengi huondoka yenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, mwili ukishawatambua hao virusi.

Mwisho hautambuliki kwa kutazama kama pamekuwa tambarare, bali kwa ile mistari. Kwa shemeji, tukihesabu kuanzia siku alipoanza kusugua, ilikuwa wiki ya kumi. Nilimulika kwa tochi ya simu, nikaona mistari imevuka katikati kutoka upande hadi upande, bila kitone cheusi hata kimoja. Angeacha wiki ya saba, pale maumivu yalipoisha, lingeota upya.

Chupa iliyobaki

Ilibaki karibu nusu, na shemeji akaiomba. "Nimpelekee mama Kibosho, naye ana kitu kama hiki kisiginoni."

Kabla sijajibu nilimuuliza maswali. Je, mama ana kisukari, au miguu yake ina ganzi? Kwa watu hao asidi haifai miguuni, kwani wanaweza kuungua bila kusikia. Alisema hapana. Je, kina rangi gani? Cheusi, kingo hazina mpangilio, kimekuwa kikipanuka tangu mwaka jana, na mara moja kilitoa damu kwenye soksi.

Hiyo chupa haikutoka dukani. Doa jeusi linalopanuka unyayoni au chini ya ukucha linaweza kuwa melanoma, na kwa sisi watu weusi ndiko hasa saratani hiyo ya ngozi inakopenda kuanzia. Ya Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, ilianzia kwenye kidole cha mguu. Pia siuzi dawa hii kwa uvimbe wa usoni, wa sehemu za siri, kidonda kisichopona, alama ya kuzaliwa, wala kwa mtu mwenye ualbino aliyeota kitu kipya popote kwenye ngozi inayopigwa jua. Mtu mzima ambaye machunjua yanamtoka kwa wingi kwa ghafla, naye namwelekeza kliniki akapimwe kwanza.

Sisi wa Moshi tuna bahati, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kipo hapo hapo hospitali ya KCMC. Jumatatu shemeji alimpakia mama yake, wakaenda. Walikata kipande kidogo cha lile doa kikapelekwa maabara. Kingekuwa kimeshapakwa asidi mwezi mzima, daktari angekuta kidonda cheupe kilichochubuka, na kingo alizotakiwa kuzitazama zingekuwa zimeshaliwa na dawa.