Mtihani wa keisi wa kuingia na vitabu: kuiunganisha keisi na nadharia

Juzi nilikaa na mdogo wangu hapa Mtwara, anajiandaa na mtihani wa usimamizi wa miradi, ule wa kuingia na vitabu. Notsi kazibeba mpaka begi halifungi ila keisi ya mazoezi, ile hadithi ya mradi unayopewa uichambue, hajaigusa hata na penseli. Tulifanya hivi.

Hatua ya 1. Soma maswali kwanza, keisi baadae.

Hatua ya 2. Zipe aya namba, halafu pembeni andika herufi tu: T kwa tarehe, P kwa pesa, M kwa mtu aliyeamua jambo. Tumia penseli. Kalamu za rangi sizitaki kabisa, ukishapaka nusu ukurasa huoni tena kipi ni kipi.

Hatua ya 3. Unganisha. Hapa ndo mimi niliangusha maksi nyingi enzi zangu, nilikuwa nanakili fomula kitabuni bila kuuliza keisi inaniruhusu kutumia ipi. Chukua keisi tuliyofanya: chama cha msingi kinajenga ghala la korosho Newala, bajeti milioni 400, Januari mpaka Agosti ili minada ya Oktoba ilikute tayari. Mwisho wa Aprili ratiba inataka kazi iwe 50%, imefika 40%, na zimetumika milioni 200. Mdogo wangu akasema nusu ya muda nusu ya pesa, mradi uko sawa. Hapana, angalia kazi iliyofanyika. Hesabu zote ni kwa milioni: EV ni thamani ya kazi iliyofanyika, AC ni pesa zilizotumika, PV ni thamani ya kazi ambayo ratiba ilitaka iwe imeisha, yaani 50% ya 400. CPI inapima pesa, SPI inapima ratiba, na chini ya 1 ujue mambo si mazuri:

```
EV = 40% x 400 = 160
CPI = EV / AC = 160 / 200 = 0.8
SPI = EV / PV = 160 / 200 = 0.8
```

Yaani kila shilingi 100 inayotoka inaleta kazi ya shilingi 80, na ratiba nayo imechelewa. Sasa ghala litaisha kwa bei gani? Hiyo bei inaitwa EAC, na BAC ni bajeti yote. Kitabu kina majibu mawili:

```
EAC = BAC / CPI = 400 / 0.8 = 500
EAC = AC + (BAC - EV) = 200 + 240 = 440
```

Ya kwanza ni kama hali iliyoleta hasara itaendelea, ya pili ni kama ilikuwa ya mara moja. Anayeamua ni keisi. Aya ya 7 inasema mvua zilikata barabara, malori ya saruji yakazunguka, na huku kwetu mvua zikifika Mei zinaisha, kwa hiyo hiyo inavuta kwenye 440. Lakini aya ya 9 mwenyekiti kamwambia fundi kwa mdomo aongeze kibaraza cha kupakilia na fundi kaanza. Huo ni mradi kutanuka bila idhini, na hakuna mahali keisi inasema umezuiwa, so mi ningeandika 500, nitaje aya ya 9, halafu niseme wazi kwamba ombi la mabadiliko likipitishwa rasmi bajeti yenyewe inabadilika na hesabu inaanza upya. Na mvua usiite bahati mbaya, Januari huku ni msimu wa mvua kila mwaka, ilitakiwa iwe kwenye rejista ya vihatarishi kabla ya kuanza.

Hatua ya 4. Andika. Kila sentensi ya nadharia iwe na namba ya aya, ukikuta isiyo nayo na ingeweza kukaa kwenye mradi wowote, ikate.