Jedwali la metikali na shilingi kwa msafiri wa Kilambo

Anayetoka Mtwara kuvuka Ruvuma kwenda Msumbiji, ambako fedha ni metikali, kupitia Kilambo ni vyema aandike jedwali lake nyumbani, kwenye karatasi, kabla ya kufika mtoni. Tuseme umeuziwa metikali moja kwa shilingi 38.64, na anayeinunua tena kwako anatoa shilingi 36.20. Hivyo ni viwango viwili, na kila kimoja kinahitaji safu yake.

Usikadirie kiwango chenyewe. Zidisha kwanza, kisha kadiria jibu. Metikali 1,750 mara 38.64 ni shilingi 67,620, lakini ukikifanya kiwango kuwa 40 kwa urahisi unapata 70,000, yaani umejiongezea shilingi 2,380.

Katika safu ya matumizi ninapandisha jibu hadi mia inayofuata, hivyo ninaandika 67,700. Katika safu ya fedha ninazorudisha ninashusha, kwa hiyo metikali 1,750 mara 36.20, yaani 63,350, inakuwa 63,300, na bajeti hainipungukii njiani. Mistari ya metikali 50, 200 na 1,000 inatosha (kwa matumizi, shilingi 2,000, 7,800 na 38,700), ila jumlisha metikali kwanza ndipo ubadilishe, kwa sababu ukijumlisha majibu yaliyokwisha kupandishwa, ziada hurundikana.