Jinsi ya kufuta oda ya mabati kiwandani kabla lori halijapakia

Hii ni kwa wenye hadiwea na wakandarasi wa hapa Dodoma tunaoagiza mabati ya rangi Dar, yale ya kukatwa kwa vipimo vya kazi. Kitu cha kwanza kuelewa ni kwamba bati likiwa bado kwenye koili kiwanda kinaweza kumkatia mteja mwingine yeyote kesho asubuhi, ila likishapita kwenye mashine kwa urefu wako hilo ndo mzigo wako, na kama urefu wenyewe ni wa mita 4 na sentimita 35 usitegemee kuna mtu atalinunua. Gharama ya kufuta inaanzia hapo.

Tuchukue mfano. Umeagiza mabati 400 ya migongo mipana, geji 28, kila moja mita 3, bei tuseme 20,000 kwa mita, jumla milioni 24 na advansi umelipa nusu, milioni 12. Mwenye godauni kule Nala kabadilisha ramani ya paa, hayataki tena. Kwenye profoma wameandika ukifuta oda unakatwa asilimia 20 ya thamani yote, yani 4,800,000.

Hatua ya 1: Simamisha kwanza, mambo ya kufuta baadae

Piga simu muda huohuo kwa mtu wa mauzo, usisubiri upate majibu kamili ya mteja wako, maana mashine ikishaanza oda yako inakata mabati mengi sana ndani ya saa moja. Ukimaliza kuongea tuma ujumbe ili muda ubaki kwenye rekodi, mfano: "Kaka habari za asubuhi, kama tulivyoongea naomba oda yetu isimamishwe kukatwa kuanzia sasa. Naomba uniambie yamekatwa mangapi na unitumie picha, alafu mchana tuongee tunamalizaje vizuri." Hapo hujaomba hela na hujalaumu mtu, na yeye amepata kitu cha kumpelekea msimamizi wa mashine.

Hatua ya 2: Jua hali halisi

Omba idadi na picha ya bando zenyewe. Uliza na kofia pia, watu wengi wanazisahau, zinakunjwa kwenye mashine nyingine kwahiyo zinaweza kuwa tayari hata kama mabati hayajaguswa. Ukiona idadi inapanda kila ukiuliza wakati ulishatuma ujumbe wa kusimamisha, ule ujumbe ndo kinga yako.

Hatua ya 3: Peleka ofa yako kabla hawajakupigia hesabu ya faini

Tuseme yamekatwa 90. Hizo ni mita 270, sawa na 5,400,000. Yachukue, usibishane, kiwanda kimeshatumia koili na mita 3 ni urefu ambao hadiwea yoyote inauza. Kwenye advansi inabaki 6,600,000. Hapo wape kitu kwa usumbufu wa kupanga mashine na wapakiaji, mfano 600,000, alafu ile milioni 6 igawe: milioni 3 uchukue bidhaa zao za kawaida ndani ya miezi miwili, milioni 3 irudi benki. Kiwanda hakipendi kutoa keshi, ila kikiona nusu inarudi kwenye mauzo yake bosi anasaini haraka, na wewe umekwepa ile 4,800,000.

Wakikomaa na asilimia 20, waeleze taratibu kwamba kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinampa aliyeumia fidia ya haki isiyozidi kiwango kilichoandikwa, sio kiwango chote hata kama koili bado imekaa stoo. Hii iweke mwisho kabisa, ukianza nayo mtu wa mauzo anaona unamtishia na faili linahamia kwa mwanasheria. Ila kama rangi iliagizwa maalum kwa ajili yako, ujue hasara yao ni kweli, hapo ongeza ofa.

Hatua ya 4: Lori

Kama lori lilishashikwa mpigie dalali kabla dereva hajafika getini, akishapanga foleni anadai hela ya kulala na ana haki. Kwa mabati 90 omba uchanganyiwe kwenye lori la mwenzako anayekuja Dodoma.

Hatua ya 5: Karatasi

Omba profoma mpya ya mabati 90 na barua fupi au imeili inayosema oda ya zamani imefungwa, wanadai nini na wanarudisha nini, tarehe gani. Kama risiti ya EFD ilishatoka kwa kiasi kikubwa kuliko utakachochukua, wadai kredit noti, la sivyo vitabu vyenu havitalingana na VAT itakusumbua wakati wa ritani. Mhasibu wao akikwambia atatuma wiki ijayo, mwambie mabati yatapakiwa ukishaipata.