Kesi kortini au usuluhishi? Jinsi ya kuandika kifungu cha mizozo kabla hujasaini na sapulaya wa nje

Watu wengi wanaoleta mizigo hapa Mombasa husoma bei, wakasoma tarehe ya meli, wakasaini. Kile kifungu cha mizozo huwa ukurasa wa mwisho na hakuna anayekigusa, mara nyingi kimekopiwa kutoka mkataba mwengine. Mimi kazi yangu ni kuwaandikia watu mikataba ya namna hii, kwa hio nitawaelezea hatua ninazofuata, na nitaanza na mteja mmoja wa Majengo manake yeye ndo alinifunza kupanga hizi hatua vile ninavyozipanga.

Yeye aliagiza kontena moja la tairi kutoka Dubai, akatuma dola 38,000 mbele. Kontena likaja, likafunguliwa, akapangusa vumbi ubavuni mwa tairi moja akaona 1417, yaani imetengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2017, na yeye aliagiza mwaka 2022 na invoisi imeandikwa tairi mpya za mwaka huohuo. Karibu nusu ya mzigo ulikuwa hivyo. Mkataba wao ulisema mizozo yote itaamuliwa na mahakama za Mombasa, naye alifurahi sana na hilo neno, akaona korti iko hapa nyumbani, atapanda tuktuk aende. Akashtaki, yule sapulaya hakutokea, akapata hukumu. Karatasi safi kabisa, ina muhuri. Lakini sapulaya hana duka Kenya, hana akaunti Kenya, hana hata baiskeli Kenya, na Falme za Kiarabu hazimo kwenye orodha ya nchi ambazo Kenya ina utaratibu wa kutambuliana hukumu. Orodha yenyewe ni fupi: Australia, Malawi, Shelisheli, Tanzania, Uganda, Zambia, Uingereza na Rwanda. Kwa hio ile hukumu hadi leo iko kwenye faili.

Basi hatua ya kwanza, kabla ya chochote, jiulize mali ya mwenzako iko wapi. Sio ofisi yake, mali yake, kile kitu utakachokamata akikataa kulipa. Ikiwa iko Kenya, au Tanzania au Uganda, korti inatosha na mara nyingi ndo rahisi, manake jaji analipwa na serikali wewe unalipa ada za kufungua kesi na wakili wako. Ikiwa deni haliwezi kupita shilingi 1,000,000 usijisumbue kabisa na usuluhishi, kuna Mahakama ya Madai Madogo, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Lakini mali ikiwa Dubai, Guangzhou au Maskati, hapo usuluhishi ndo unashinda, kwa sababu moja kubwa: Mkataba wa New York wa mwaka 1958. Kenya iliingia mwaka 1989, Uchina 1987, Oman 1999, Falme za Kiarabu 2006. Nchi zilizomo zimekubali kutekeleza tuzo, yaani uamuzi wa msuluhishi, iliyotolewa nchi nyengine, na sababu za kuikataa ni chache na zimeandikwa. Yaani yule mzee wa Majengo angekuwa na tuzo badala ya hukumu, angekuwa na mlango wa kugonga kule Dubai.

(Na tusichanganye, usuluhishi sio upatanishi. Mpatanishi anawasaidia muelewane, msuluhishi anasikiza ushahidi na anaamua, na uamuzi wake unawafunga.)

Ubaya wake ni pesa. Msuluhishi mnamlipa nyinyi, kila mmoja anaweka sehemu yake mwanzo, na mwenzako akikataa kuweka yake utalazimika kuweka zote mbili ili kesi isonge, halafu udai kwenye tuzo. Pia inawafunga waliosaini tu. Kama unajua mzozo utamgusa na mwenye lori na mwenye godauni ambao hawamo kwenye mkataba, korti inaweza kuwaita wote pamoja, msuluhishi hawezi.

Hatua ya pili ni makao ya usuluhishi, na hapa ndo watu huanguka. Makao sio ukumbi mtakaoketi. Mnaweza kuketi hoteli ya Nyali au kwa Zoom na makao yakawa London. Makao ni sheria ya nchi gani inaulea huo usuluhishi na korti ya nchi gani inaweza kuifuta tuzo. Ukiandika Mombasa, Kenya, basi ni Sheria ya Usuluhishi ya Kenya ya 1995, anayetaka kuifuta tuzo anaenda Mahakama Kuu ndani ya miezi mitatu tangu aipokee. Ukiandika London, anaenda korti za Uingereza na ana siku 28 tu, na wewe unatafuta wakili wa kule kwa pauni. Sapulaya atakusukuma ukubali makao ya kwao. Ukishindwa kabisa kumgeuza, kubali mji wa tatu ulio kwenye Mkataba wa New York, lakini usiache wazi. Na uandike neno makao, usiandike tu usuluhishi utafanyika Mombasa, manake hapo mtabishana mwaka mzima kama ulimaanisha makao au ukumbi.

Kanuni ni hatua ya tatu, na kwangu mimi ni fupi. Taja kanuni za taasisi moja kwa jina lake kamili, kwa mfano za Kituo cha Usuluhishi wa Kimataifa cha Nairobi, NCIA, ambacho kitamteua msuluhishi mkikosana. Nimeona mkataba umeandika kanuni za chemba ya biashara, chemba gani? Hakuna aliyejua. Msuluhishi awe mmoja, watatu ni gharama mara tatu na kwa kontena moja haina maana.

Lugha sasa. Tazama imeili zenu, WhatsApp zenu, invoisi na hati ya shehena ziko kwa lugha gani, hio ndo lugha ya kuandika. Ukikubali Kichina au Kiarabu kwa heshima tu, kila karatasi na kila shahidi wako atahitaji mtafsiri na bili ni yako. Na tuzo ikiwa kwa lugha ambayo sio ya korti ya kule unakoipeleka, utatakiwa tafsiri iliyoidhinishwa.

Kwa hio yule mzee nilimwandikia hivi kwa mzigo wake uliofuata:

"Mzozo wowote unaotokana na mkataba huu au unaohusiana nao, pamoja na swali la uhalali wake, utaamuliwa kwa usuluhishi chini ya Kanuni za Usuluhishi za NCIA. Msuluhishi atakuwa mmoja. Makao ya kisheria ya usuluhishi ni Mombasa, Kenya. Lugha ya usuluhishi ni Kiingereza. Mkataba huu unaongozwa na sheria za Kenya."

Usiongeze chini yake ati mahakama za Dubai zitakuwa na mamlaka juu ya mizozo yote. Hio sentensi moja inakipiga vita kifungu chote. Ukiogopa mzigo utahamishwa bandarini kabla ya msuluhishi kupatikana, huna haja ya kuandika kitu, kifungu cha 7 cha ile Sheria ya Usuluhishi ya Kenya kinakuruhusu uombe Mahakama Kuu izuie kwa muda.

Na mwenzako akipuuza kifungu akakushtaki kortini, ombi la kusimamisha kesi ili mwende kwa msuluhishi liwekwe chini ya kifungu cha 6 cha sheria hio hio, si baada ya siku ile unayoingiza fomu ya kufika kortini. Mwambie wakili wako asiandike utetezi kwanza. Akishaujibu ule mzozo wenyewe, korti itasema umeshaikubali, na mtamalizana hapohapo.